Soma stika ya RAM kabla hujatoa hela: kasi, taimingi, na kwa nini vipande viwili vinashinda kimoja kikubwa

Binti mmoja anayehariri video za harusi aliniletea laptopu yake, kaifunga kwenye kanga.

"Shikamoo, fundi. Nimeambiwa ning'oe hii RAM ya GB 8, niweke moja ya GB 16. Ati sloti ya pili ibaki wazi, ya akiba."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Dukani nilikoulizia bei."

Muuzaji hakumdanganya, GB 16 ni GB 16. Ila mashine ile ina prosesa ya Core i5-1135G7 na haina kadi ya grafiki ya kujitegemea. Kwa mashine ya namna hiyo, ushauri ule ungemfanya alipe zaidi na apate pungufu. Hapa naeleza tulichofanya kwa mpangilio uleule tuliofuata, na humo humo utajua kusoma yale maandishi ya kwenye RAM ambayo wengi huyaona kama namba za siri.

Hatua ya kwanza: jua kilichomo kabla ya kushika bisibisi

Kwenye Windows bonyeza Ctrl + Shift + Esc ufungue Task Manager, nenda Performance, kisha Memory. Kuna mistari mitatu ya kuangalia. Speed ni kasi ambayo RAM inakwenda sasa hivi. Slots used inakwambia sloti ngapi zimejaa. Kwa binti yule ilisomeka 1 of 2, kwa hiyo moja ilikuwa tupu. Form factor ikiandika SODIMM, hiyo ni RAM ya laptopu inayochomoleka. Ikiandika Row of chips, chipu zimechomelewa kwenye mazabodi na hakuna cha kubadilisha, hata Slots used ikidai kuna sloti nane.

Ukiwa hapo hapo, fungua kazi zako zote za kawaida kisha tazama Committed. Ina namba mbili, kama 11.2/13.5 GB. Ile ya kwanza ndiyo mzigo ambao programu zimeomba. Ikizidi sana RAM uliyonayo, mashine huanza kuhamishia mzigo kwenye diski, na ndipo kila kitu kinapoanza kujikokota. Kwa binti yule, akiwa na mradi wa video na kivinjari wazi, namba ilipita 11 wakati RAM ni 8. Kwa hiyo GB 16 alizihitaji kweli. Swali lilikuwa zije kwa umbo gani.

Kama unataka kuona kila kipande kwa jina lake bila kufungua mashine, andika hivi kwenye PowerShell:

```
Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory |
  Select-Object DeviceLocator, Capacity, Speed, ConfiguredClockSpeed, PartNumber
```

Capacity hutoka kwa baiti, kwa hiyo 8589934592 usiogope, ndiyo GB 8. Speed ni kasi ambayo kipande kinaiweza, na ConfiguredClockSpeed ni ile kinayokwenda nayo kweli. Zikitofautiana, kuna kitu kinakibana, na tutafika huko. Mwenye Linux atumie `sudo dmidecode -t memory`.

Hatua ya pili: soma stika, herufi kwa herufi

Tulipofungua mfuniko wa chini, stika ya RAM yake ilisomeka hivi:

```
8GB 1Rx8 PC4-3200AA-SA2-11
```

Mstari huu una thamani kuliko jina la kampuni lililoandikwa kwa herufi kubwa juu yake.

8GB ni ujazo, hapo hakuna fumbo.

1Rx8 ni jinsi ujazo huo ulivyojengwa. RAM ya DDR4 huzungumza na prosesa kwa biti 64 kwa mpigo mmoja. Chipu za x8 hutoa biti 8 kila moja, kwa hiyo zinahitajika 8 kutimiza 64, na ukizihesabu utazikuta 8. Hiyo 1R maana yake zimepangwa safu moja tu. 2R ni safu mbili zinazopokezana. Sasa kuna vipande vingine vya GB 8 vilivyoandikwa 1Rx16. Hivyo vina chipu 4 tu, kila moja ya biti 16. Ujazo ni uleule na kasi kwenye stika ni ileile, lakini chipu za x16 za DDR4 zina nusu ya makundi ya ndani ya kuhifadhia, kwa hiyo zina nafasi ndogo ya kushughulikia maombi mengi kwa pamoja na huwa nyuma kidogo. Vinafanya kazi vizuri tu. Ila ukiwekewa viwili mezani kwa bei moja, chukua 1Rx8.

PC4 ni DDR4. PC3 ni DDR3, na PC3L ni DDR3 inayotumia volti 1.35 badala ya 1.5. PC5 ni DDR5. Vizazi hivi haviingiliani: mkato wa kwenye meno umehamishwa kila mara, na ukiona haingii usilazimishe.

3200 ni kasi. Herufi mbili zinazofuata, AA, ni taimingi zilizofupishwa, nitarudi kwake.

Halafu herufi ambayo imewatia hasara watu wengi kuliko zote: ile S ya mwanzo wa SA2. S ni ya laptopu. U ni ya kompyuta ya mezani ya kawaida. R ni ya seva. RAM za DDR4 za seva huletwa kwa wingi na mitumba na huwa bei chee, na ubaya ni kwamba za R zinaingia vizuri kabisa kwenye sloti ya kompyuta ya mezani, meno na mkato ni vilevile, lakini mashine haiwaki. Mtu anadhani ameuziwa mbovu. Si mbovu, ni ya seva. Nimeshawahi kumwona mtu kanunua vipande vinne vya namna hiyo kwa mpigo, kafurahia bei.

Namba zilizobaki mwishoni ni za toleo la ubao na mpangilio wake. Ziache.

Kasi: 3200 ya nini?

Stika zingine, badala ya PC4-3200, huandika PC4-25600. Ni kitu kilekile kimeandikwa kwa njia mbili. 3200 ni mara ngapi, kwa mamilioni, data inahamishwa kwa sekunde. Kila uhamisho ni biti 64, yaani baiti 8. Zidisha:

```
3200 × 8 = 25600 MB/s
```

Kwa hiyo kipande kimoja cha 3200 kinaweza, kwa upeo wake, kupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Ikumbuke namba hii, ndiyo itakayoamua kesi ya binti yule.

Kuna mtego mdogo hapa. Ukifungua programu ya CPU-Z utakuta DRAM Frequency imeandikwa karibu 1600, na watu hurudi dukani kwa hasira wakidai wameuziwa nusu. Hukuibiwa. DDR huhamisha data mara mbili kwa kila pigo la saa yake, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, kwa hiyo mapigo milioni 1600 yanatoa mahamisho milioni 3200. CPU-Z inaonyesha mapigo, stika inaonyesha mahamisho.

Lililo la kweli kulalamikia ni hili: kasi ya stika ni kile ambacho RAM inakiweza, si kile utakachopata. Prosesa ina kikomo chake. Core i5-8250U, iliyojaa kwenye laptopu nyingi za mtumba, inaishia 2400. Ukiiwekea RAM ya 3200 itashuka ikimbie 2400. Hakuna kinachoharibika, ila usilipie nyongeza ya kasi usiyoweza kuitumia. Core i5-1135G7 inafika 3200 kwa DDR4, kwa hiyo kwa binti yule 3200 ilikuwa sawasawa.

Taimingi: namba kubwa si lazima iwe mbaya

Fikiria stoo ya mchele na makuli wake. Prosesa ikiomba data ni kama mteja kumtuma kuli ndani. Taimingi ni muda wa kutafuta, tangu kuli aingie hadi gunia la kwanza litokee mlangoni. Kasi ni jinsi magunia yanavyofuatana yakishaanza kutoka. Chaneli ni idadi ya milango ya stoo.

Kwenye RAM za kompyuta za mezani utaona taimingi zimeandikwa kama 16-18-18-38. Yale makundi ya ndani ya chipu yafikirie kama vyumba: data ya kila chumba imepangwa kwa mistari, na mstari mmoja tu ndio unaokuwa wazi kwa wakati mmoja. Kama unachokitafuta kiko kwenye mstari uliokwisha kufunguliwa, unasubiri namba ya kwanza tu, ile inayoitwa CL. Kama mstari mwingine ndio uko wazi, kwanza ufungwe, hiyo ni namba ya tatu. Kisha ufunguliwe unaoutaka, hiyo ni ya pili. Ndipo CL ianze kuhesabiwa. Namba ya nne ni muda mdogo kabisa ambao mstari lazima ukae wazi kabla ya kufungwa tena.

Kosa la kawaida ni kulinganisha CL peke yake. CL huhesabiwa kwa mapigo ya saa, na mapigo ya RAM yenye kasi ni mafupi zaidi. CL16 ya RAM ya polepole inaweza kuwa muda mrefu kuliko CL18 ya RAM yenye mbio. Ili ulinganishe kwa haki, igeuze iwe nanosekunde:

```
CL × 2000 ÷ kasi = nanosekunde
```

DDR4 ya 3200 yenye CL16 inatoa 10. Ya 3600 yenye CL18 inatoa 10 pia. DDR5 ya 6000 yenye CL30 inatoa 10 tena. Kwa kusubiri gunia la kwanza zote tatu ni sawa. Tofauti ni jinsi magunia yanavyomiminika baada ya hapo.

Sasa turudi kwenye AA ya stika ya laptopu. Herufi baada ya kasi ni taimingi za kawaida za viwandani: 2133P ni CL15, 2400T ni CL17, 2666V ni CL19, na 3200AA ni CL22. Ukiziangalia hivi hivi utasema RAM zinazidi kuwa mbaya kila kukicha. Piga hesabu uone: 14.06, 14.17, 14.25 na 13.75. Muda wa kutafuta haujabadilika kitu, umezunguka kwenye 14. Kwa hiyo mwenye laptopu asipoteze usingizi kwa taimingi. Za kwenye duka karibu zote zitakuwa hizi hizi, na kilichobaki cha kuchezea ni kasi, ujazo na milango.

Hatua ya tatu: hesabu milango

Prosesa za kawaida za laptopu na za mezani zina chaneli mbili za RAM. Kila chaneli ni njia ya biti 64 inayojitegemea. Ukiweka kipande kimoja, hata kiwe cha GB 32, kinatumia mlango mmoja na wa pili unakaa umefungwa. Ukiweka viwili, kimoja kila chaneli, prosesa inazigawa anwani kwa zamu: kipande kidogo cha data huku, kinachofuata kule. Data yoyote ndefu inatoka kwa milango yote miwili kwa pamoja.

Kwa binti yule hesabu ilikaa hivi. Njia ya muuzaji, kipande kimoja cha GB 16 cha 3200, ni 25.6 GB kwa sekunde. Njia yangu, kubakiza GB 8 aliyonayo na kuongeza GB 8 nyingine ya 3200, ni mara mbili, yaani 51.2. Ujazo ni uleule, GB 16. Na anachonunua ni kipande kidogo, huku kile cha zamani hakitupwi kwenye droo. Hizo ni namba za juu kabisa za kinadharia, kwenye kazi halisi hutazifikia zote, lakini uwiano wa moja kwa mbili kwenye njia ni wa kweli.

Nani anausikia? Anayetumia grafiki zilizomo ndani ya prosesa, huyo anausikia kuliko wote. Kadi ya grafiki ya kujitegemea ina kumbukumbu zake pembeni. Grafiki za ndani hazina, zinakopa RAM hii hii na kugombania mlango huo huo na prosesa. Kila fremu ya video au gemu inapita hapo. Anayeandika barua na kujaza majedwali hataona tofauti ya maana, na mwenye kadi kubwa ya grafiki ataona kiasi, zaidi kwenye gemu zinazoielemea prosesa. Sitaki mtu aende kununua RAM ya pili kwa ajili ya kusoma barua pepe.

Kwa prosesa hii ya Intel kuna ushahidi unaoweza kuuona kwa macho. Kabla ya kuongeza RAM, tulifungua Device Manager, tukabonyeza Display adapters. Iliandikwa Intel(R) UHD Graphics. Binti akasema, "Lakini tangazo liliniandikia Iris Xe." Alikuwa sahihi, na tangazo lilikuwa sahihi. Intel imeweka masharti kwamba jina la Iris Xe litokee pale tu RAM inapokuwa kwenye chaneli mbili, biti 128 kwa jumla. Ikiwa mlango mmoja tu ndio unaofanya kazi, grafiki zile zile zinajitambulisha kama UHD. Mashine yenyewe ilikuwa inatwambia ina njaa.

Hatua ya nne: tafuta pacha, au wa kufanana naye

Tulikwenda Kariakoo na kipande cha zamani mkononi. Usiende na picha ya boksi, nenda na kipande chenyewe au picha ya stika yake.

Duka la kwanza walitoa cha GB 8 kimeandikwa PC4-2666V. Kingefanya kazi. Lakini vipande vikiwekwa pamoja vyote hufuata kasi ya aliye polepole, na taimingi za aliyelegea. Vyote viwili vingekimbia 2666, na njia ingekuwa karibu 42.7 badala ya 51.2. Bado ni bora sana kuliko 25.6 ya kipande kimoja, kwa hiyo kama ndicho pekee unachokipata, chukua. Sisi tulikuwa na muda.

Duka la pili walikuwa na 3200AA lakini 1Rx16. La tatu tukapata 1Rx8 PC4-3200AA, kampuni nyingine kabisa. Tukachukua hicho. Kampuni kutofautiana si tatizo kwa RAM za laptopu zinazokwenda kwa taimingi za kawaida. Ujazo, kasi, herufi na 1Rx8 vikilingana, kwa kawaida zinaishi pamoja bila ugomvi.

Hali ni nyingine kwa kompyuta ya mezani inayotumia RAM za mbio, zile za 3200 CL16 au 3600 CL18. Hizo hazifiki kasi yake mpaka uingie BIOS uwashe XMP, yaani mpangilio wa kasi na taimingi ambao kiwanda kimeuhifadhi ndani ya RAM, au EXPO kwa DDR5 za mashine za AMD. Bila hivyo zitakimbia kasi ya kawaida, pengine 2133 au 2666, na ndiyo maana Task Manager inakuonyesha namba ndogo kuliko ya kwenye boksi. Zinasukumwa karibu na mwisho wa uwezo wake, kwa volti 1.35 badala ya 1.2, na huko vipande viwili vilivyonunuliwa kwa nyakati tofauti vinaweza kukataa kwenda pamoja hata kama stika zinafanana, kwa sababu chipu za ndani zimebadilishwa na kiwanda bila kubadili jina. Hapo nunua boksi moja lenye vipande viwili vilivyojaribiwa pamoja. Na ishia kwenye viwili: sloti nne zikijaa, prosesa inabeba mzigo mzito zaidi na kasi hushuka. Kwa DDR5 anguko ni kubwa. Mashine za Ryzen 7000, kwa mfano, AMD inaziahidi 5200 kwa vipande viwili lakini 3600 tu kwa vinne.

Je, ujazo usipolingana? Tuseme laptopu ina GB 4 iliyochomelewa na sloti moja, ukaweka 8. Kwenye prosesa nyingi GB 4 za kila upande zitafanya kazi kwa pamoja, yaani GB 8 za kwanza ziko kwenye milango miwili, na GB 4 zilizobaki zinapita mlango mmoja. Si kamili, lakini si kitu cha kukimbia.

Utasikia pia muuzaji akisema DDR5 ni chaneli mbili tayari ndani ya kipande kimoja. Kuna nusu ya ukweli: kipande cha DDR5 kimegawanywa njia mbili za biti 32. Jumlisha, ni biti 64 zile zile. Kipande kimoja bado ni nusu. Na kwa DDR5 vile vya GB 8 mara nyingi ni 1Rx16 vyenye chipu 4, kwa hiyo kama mfuko unaruhusu, mbili za 16 ndizo za kununua.

Kipande kimoja kikubwa kina nafasi yake. Laptopu yenye sloti moja haina mjadala. Anayehitaji GB 32 leo, akiwa na hela ya kipande kimoja cha 32 na ya pili mwezi ujao, na atakachonunua hakitapotea sokoni kesho, anunue. RAM ikipungukiwa ujazo, diski ndiyo inayobeba mzigo, na hiyo ni polepole kuliko mlango mmoja wa RAM mara nyingi sana. Ujazo kwanza, milango baadaye. Pale ujazo unapolingana ndipo milango inashinda.

Hatua ya tano: weka, kisha hakikisha

Zima mashine izime kweli. Windows ina tabia ya kujilaza badala ya kuzima, kwa hiyo tumia amri hii:

```
shutdown /s /t 0
```

Chomoa chaja, fungua mfuniko, na kitu cha kwanza kabisa chomoa waya wa betri kwenye mazabodi. RAM ya laptopu inaingia kwa kuinama, meno yakizama mpaka yasionekane sawasawa pande zote, ndipo unaibonyeza ilale na vibanio viwili vya pembeni vilie "tak". Ikilala bila kulia, haijaingia vizuri.

Kwenye kompyuta ya mezani yenye sloti nne usiweke vipande viwili jirani, maana sloti jirani kwa kawaida ni za chaneli moja, na utakuwa umeweka makuli wawili kwenye mlango mmoja. Kwenye mazabodi nyingi za kisasa sahihi ni ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwa prosesa, A2 na B2. Soma maandishi kwenye bodi au kitabu chake, kwa sababu baadhi ya mashine za ofisi zina mpangilio wao.

Ukiwasha, kioo kinaweza kubaki cheusi kwa muda, hasa mara ya kwanza. Mashine inajipima na RAM mpya. Mpe dakika kadhaa kabla ya kuanza kufungua tena kwa hofu. Kama ulikuwa umewasha XMP na sasa haiwaki, rudisha BIOS kwenye hali ya kiwandani, kisha jaribu kasi ya chini yake.

Kwa laptopu ya binti, kioo kilikaa cheusi muda wa kutosha yeye kuanza kuuliza kama nimeiua. Kikawaka. CPU-Z, kwenye ukurasa wa Memory, ikaandika Dual mbele ya Channel. Task Manager ikaonyesha 2 of 2 na 3200. Tukafungua Device Manager: Intel(R) Iris(R) Xe Graphics. Akaipiga picha kwa simu.

Sikumwacha aondoke hapo. Bonyeza Windows + R, andika `mdsched.exe`, mashine itajiwasha upya na kuipima RAM. Ukitaka kipimo kikali zaidi weka MemTest86 kwenye flashi uiache usiku mzima. Kosa hata moja halikubaliki, kwa sababu RAM yenye kosa moja ndiyo inayoharibu faili la harusi ya watu saa nane usiku, kisha wewe unalaumu programu. Kosa likitokea, toa kipande kimoja upime kingine peke yake, kisha ukihamishie sloti nyingine upime tena. Likifuata kipande, kirudishe dukani siku hiyo hiyo. Likibaki kwenye sloti, RAM haina kosa, kagua vumbi na meno ya sloti kwanza.